Sasisho la simu limekwama au limefeli katikati: jua kwanza limekwama wapi

Shangazi alinipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, simu imekufa. Tangu asubuhi inaandika asilimia 38, haiendi mbele wala nyuma." Nikamuuliza kama hiyo simu iliyokufa ndiyo anayonipigia nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

Kicheko hicho kilikuwa nusu ya jibu. Kama simu bado inapiga, inapokea ujumbe na inafungua picha huku asilimia zimeganda, hakuna kilichoharibika, kwa sababu sasisho bado liko mlangoni. Watu wengi hupata hasara kwa sababu hawajui limekwama katika hatua ipi, wakatumia dawa ya hatua moja kutibu nyingine. Nitaeleza hatua hizo, kisha tutaipitia simu ya shangazi mpaka mwisho. Mifano yangu mingi ni ya Android. iPhone ina aya yake mbele. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye simu nyingi, na kwenye simu yako yanaweza kutofautiana kidogo.

Hatua tatu za sasisho, na hatari iko wapi

Hatua ya kwanza ni kupakua. Simu inavuta faili kutoka mtandaoni na kuliweka kwenye hifadhi, kama inavyovuta video. Hapa unaweza kusimamisha, kuzima simu, hata kuiacha iishiwe chaji. Mfumo wako haujaguswa. Ukiwasha tena, simu nyingi huendelea pale zilipoishia, na zile zisizoendelea huanza upya. Hasara ni bando na muda tu.

Hatua ya pili ni kukagua na kusakinisha. Kwanza simu inahakikisha kuwa faili limefika zima na lina saini ya mtengenezaji. Kipande kimoja kikiwa na kasoro, linakataliwa. Baada ya hapo usakinishaji unaanza, na hapa ndipo simu zinapotofautiana. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, Google iliweka utaratibu wa kuwa na sehemu mbili za mfumo, A na B. Ukiwa unatumia A, sasisho linaandikwa B kimyakimya huku wewe unaendelea na shughuli zako. Simu nyingi zilizotoka na Android 11 na kuendelea hutumia aina mpya ya utaratibu huo: badala ya kutenga nafasi kamili ya sehemu ya pili, huandika mabadiliko kwenye nafasi iliyobaki, na isipotosha hukopa kwenye hifadhi ile ile ya picha na video zako. Hilo lishike, tutalirudia.

Simu zisizo na utaratibu huu, nyingi zikiwa za zamani, huzima kwanza, kisha zinaandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani huku skrini ikionyesha alama ya roboti au nembo na mstari unaojaa polepole. Hapa tu ndipo penye hatari ya kweli. Ukikata umeme au kuilazimisha simu kuzima wakati huo, unaweza kubaki na mfumo nusu wa zamani, nusu mpya.

Hatua ya tatu ni kuwaka upya. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa simu inazipanga upya programu zako zilingane na mfumo mpya. Kwenye simu ya A na B, mfumo mpya ukishindwa kuwaka baada ya majaribio machache, simu hurudi yenyewe kwenye ule wa zamani. Utaona imejizima na kujiwasha mara mbili tatu, halafu inafunguka kama ilivyokuwa, na ujumbe kwamba sasisho limeshindikana. Inaudhi, lakini ni salama.

Kama una kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu kupitia waya, na umeruhusu USB debugging kwenye simu, unaweza kujua simu yako ni ya aina gani kwa amri moja:

```
adb shell getprop ro.build.ab_update
```

Jibu likiwa `true`, ni ya sehemu mbili. Usipokuwa na kompyuta, angalia tabia yake: ikisakinisha huku unaitumia na kukuomba uizime na kuiwasha mwishoni tu, ni ya sehemu mbili. Ikizima kwanza ndipo ianze kusakinisha, ichukulie kuwa ya zamani na uwe mwangalifu.

Je, kweli imekwama?

Asilimia zinazokwenda taratibu si asilimia zilizokwama, na hesabu yake ni nyepesi. Sasisho la shangazi lilikuwa la GB 1.8, kwa hiyo kila asilimia moja ni kama MB 18. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, na megabaiti moja ni megabiti nane, hivyo MB 18 ni megabiti 144. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, asilimia moja inachukua sekunde 72, na faili zima saa mbili. Kasi ikiwa hiyo, namba ikikaa dakika moja bila kusogea usishtuke. Ikikaa dakika 15, imekwama.

Wakati wa kusakinisha, hesabu hii haifai. Namba zinaweza kuruka haraka mpaka 40, zikakaa hapo dakika 20, kisha zikaendelea, kwa sababu vipande vya mfumo havilingani ukubwa. Hapo mimi hungoja saa nzima kabla ya kusema imekwama. Na kama ni ile simu ya zamani yenye mstari kwenye skrini nyeusi, hungoja zaidi ya hapo, ikiwa kwenye chaji, bila kugusa kitufe.

Shangazi alikuwa na asilimia 38 tangu asubuhi. Hiyo imekwama.

Intaneti: ipo, lakini simu inaikataa

Wengi huanza kwa kuangalia alama ya Wi-Fi juu ya skrini, wakiiona wanasema mtandao uko sawa. Alama ile inakuambia tu kwamba simu imeungana na ruta, haisemi kama ruta yenyewe imefika nje. Fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua. Ukiletewa ukurasa wa kuingiza namba ya simu au nenosiri la mtandao huo, umepata jibu: muda wako kwenye Wi-Fi ile umekwisha, na sasisho linangoja mlango ambao hakuna aliyeufungua.

Sababu inayowatesa wengi ni nyingine, na ndiyo iliyomkamata shangazi. Alikuwa anatumia hotspoti ya simu ya mjukuu wake. Android ikigundua kuwa Wi-Fi inatoka kwenye simu nyingine, huihesabu kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, na simu nyingi hazipakui masasisho makubwa kwenye mtandao wa aina hiyo. Haziandiki kosa lolote, zinasimama tu. Alfajiri simu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ruta, asubuhi wakahamia hotspoti, na simu ikaganda pale pale ilipofika.

Tiba ziko mbili. Moja ni kurudi kwenye Wi-Fi ya kawaida. Ya pili, kama hotspoti ndiyo pekee uliyo nayo na bando linatosha, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao huo, tafuta Network usage au Metered, uchague Treat as unmetered. Kabla ya kufanya hivyo, linganisha ukubwa wa sasisho na salio la bando. GB 1.8 ikikatika kwenye asilimia 90 kwa kuisha bando ni hasira tupu.

Yapo mambo mengine matatu ya kukagua, na hayachukui dakika mbili. Zima VPN na kizuia matangazo, kwa kuwa baadhi hufunga njia ya seva za masasisho. Zima Data Saver. Na angalia tarehe na saa. Hili la mwisho linachekesha, lakini simu iliyolala droweni muda mrefu bila chaji inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine, na vyeti vya usalama vya seva vitaonekana kwake havijaanza kutumika au vimekwisha. Itakataa kuunganisha, nawe utaambiwa tu kuwa kuna tatizo la mtandao. Washa tarehe ya kujiweka yenyewe.

Tulimrudisha shangazi kwenye Wi-Fi ya ruta, akakaa chumba kimoja nayo. Asilimia 62 zilizobaki ni kama GB 1.1, na kwa kasi aliyokuwa nayo, megabiti 8 hivi kwa sekunde, zilikuja kwa dakika 19. Nilidhani tumemaliza.

Nafasi: ukubwa unaotangazwa si nafasi inayohitajika

Faili lilifika asilimia 100, usakinishaji ukaanza, ukafika 27, ukafa. "Installation failed." Shangazi akanisomea herufi moja moja.

Alikuwa na GB 1.8 zilizobaki. Kwa macho ya kawaida zinatosha, maana faili lenyewe lilishaingia. Lakini kumbuka ule utaratibu wa kuandika mabadiliko kwenye nafasi iliyobaki. Simu inashika faili lililopakuliwa, inaandika toleo jipya pembeni bila kulifuta la zamani, na wakati huo huo programu zako zinaendelea kupokea picha na video. Vyote vinakula sahani moja. Ndiyo maana sasisho linaweza kupakuliwa bila shida kisha likafeli katikati ya kusakinisha.

Kipimo changu, na hiki ni cha uzoefu wangu na si sheria ya mtengenezaji, ni ukubwa wa sasisho mara mbili, ujumlishe GB 2. Kwa GB 1.8 inatoka 5.6, tuseme 6. Likiwa sasisho kubwa la kuhama toleo zima la Android, naacha wazi GB 10 kama zinapatikana.

Fungua Settings, kisha Storage, uone nini kinakula nafasi. Kufuta kashe ya programu moja moja ni kazi nyingi kwa faida ndogo, na kashe hujirudia. Penye mali ni kwenye video. Kwenye WhatsApp, nenda Settings, Storage and data, kisha Manage storage, upange kwa ukubwa. Shangazi alikuwa na GB 4.3 za video zilizosambazwa kutoka makundi matatu, nyingi zikiwa zilezile. Nyingi alizifutia kwenye galari.

Akafuta, akaniambia nafasi haijaongezeka vya maana. Hapa wengi huduwaa. Kilichofutwa kwenye galari huenda kwenye Trash na kukaa huko, kwa kawaida siku 30, kikiendelea kushika nafasi yake. Mpaka umwage pipa hilo, hujafuta kitu. Programu ya faili nayo inaweza kuwa na pipa lake, kwa hiyo kagua yote mawili. Baada ya kuyamwaga, alipata GB 6.1.

Onyo dogo: picha ambazo huwezi kuzifuta kwa moyo mweupe zihamishie kwanza kompyuta au diski. Kadi ya kumbukumbu inasaidia kuhamisha picha, lakini sasisho la mfumo haliandikwi humo. Kinachohesabiwa ni hifadhi ya ndani.

Betri

Simu nyingi hukataa kusakinisha chaji ikiwa chini ya kiwango fulani, na kila mtengenezaji ana chake. iPhone isiyochomekwa hutaka angalau asilimia 50. Mimi naweka asilimia 50 na waya ukiwa umechomekwa, simu yoyote ile, kwa sababu namba ya betri iliyochoka hudanganya. Betri ya zamani inaweza kusoma 30, kisha simu ikaanza kazi nzito, umeme ukashuka ghafla na simu ikazima. Kama simu yako ina tabia ya kuzimika ikiwa na asilimia 20 au 25, chukua hiyo kuwa ndiyo sifuri yake.

Shangazi alikuwa na 34, na akakiri kuwa "huwa inajizimia tu". Tuliichaji mpaka 70 kabla ya kujaribu tena. Nikamwambia aivue kava na aiweke mezani, siyo chini ya mto, kwani simu ikipata joto hupunguza kasi ya kuchaji yenyewe.

Kujaribu tena bila kuumiza

Kanuni yangu ni kubadilisha kitu kimoja kila mara. Ukifanya mambo matano kwa pamoja halafu ikakubali, hutajua ni lipi lililosaidia, na ikikataa hutajua ni lipi lililoharibu.

Anza na jepesi: simamisha upakuaji, washa hali ya ndege kwa nusu dakika, izime, kisha endelea. Ikigoma, zima simu na kuiwasha, kisha rudi kwenye System update au Software update ubonyeze kuangalia upya. Kwa simu ya shangazi, baada ya kupata nafasi na chaji, hili la kuzima na kuwasha ndilo tulilofanya.

Ikigoma bado, faili lililopakuliwa huenda lina kasoro, na dawa ni kulifanya lije upya. Nenda Settings, Apps, fungua menyu ya kuonyesha programu za mfumo, tafuta ile inayoshughulika na masasisho. Kwenye Samsung ni Software update. Kwenye Pixel kazi hiyo hupitia Google Play services. Ingia Storage, bonyeza Clear cache. Kwenye Google Play services usibonyeze kufuta data yote, maana kadi za malipo ulizoweka kwenye simu zinaweza kuondoka, ukawa umejiongezea kazi nyingine.

Kwenye iPhone ni rahisi zaidi. Ingia Settings, General, iPhone Storage, tafuta kwenye orodha sasisho lenye jina la iOS na namba yake, liguse, chagua Delete Update, kisha lipakue upya. Nafasi ikiwa ndiyo shida isiyokwisha, iunganishe na kompyuta na usasishe kupitia Finder au programu ya Apple ya Windows: faili litashukia kwenye kompyuta, simu itahitaji nafasi ndogo. Ukifika mahali kompyuta inakuuliza Update au Restore, chagua Update. Restore inafuta kila kitu.

Tahadhari ya namna hiyo iko pia kwenye menyu ya recovery ya Android. Samsung, kwa mfano, ina Wipe cache partition, ambayo haigusi picha zako, na kwenye orodha hiyo hiyo kuna Wipe data/factory reset, ambayo inamaliza vyote. Unasogea kwa vitufe vya sauti na mkono unaweza kuteleza. Kama hujahifadhi nakala ya picha na mawasiliano, usiingie huko.

Iwapo simu iliwahi kurutiwa, yaani kufunguliwa kufuli za mfumo, au kubadilishwa mfumo wake, haya yote yanaweza yasisaidie. Masasisho madogo hubeba tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, hivyo yanategemea mfumo wa zamani uwe haujaguswa hata kidogo. Hapo unahitaji mfumo mzima wa mtengenezaji kupitia kompyuta, na kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpelekee fundi.

Na lipo jambo moja lisilo kosa la mtu: watengenezaji hutoa sasisho kwa mafungu, siyo kwa simu zote siku moja, na wakigundua kasoro huliondoa kwa muda. Sasisho ulilokuwa unapambana nalo jana likitoweka leo, acha. Litarudi.

Simu ya shangazi ilivyomalizika

Usakinishaji wa pili ulichukua kama dakika 40. Ulipofika 27 alinipigia, kwa kuwa ndipo ulipofia mara ya kwanza. Ulipita. Simu ikaomba kuwaka upya, ikakaa kwenye nembo kwa dakika kadhaa zilizomfanya anipigie tena kwa simu ya mjukuu, kisha ikafunguka.

Asubuhi alilalamika kuwa simu ni nzito, ina joto, na nafasi imepungua. Kwenye simu za aina yake, baada ya kuwaka, mfumo bado unaunganisha yale mabadiliko yaliyoandikwa pembeni na mfumo wenyewe. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, na nafasi iliyokopwa hairudi mpaka iishe. Nikamwambia aiache kwenye chaji, asianzishe sasisho jingine. Jioni akanitumia picha ya skrini ya hifadhi: GB 5.9 ziko wazi. Chini yake ameandika kwamba kundi la familia limeshaanza kutuma video.